Mshahara Uliochelewa na Barua Iliyotangulia Tarehe 5

Huku Kimwani, kusini mwa Wilaya ya Muleba, shule binafsi inaweza isiwe na mche hata mmoja wa kahawa na bado ikaishi kwa kahawa. Wazazi wengi wanaotuletea watoto ni wakulima. Januari mtoto anaripoti na sehemu ya ada, pengine na ahadi tu, na kilichobaki kinasubiri maganda yaanikwe, yapimwe kwenye chama cha msingi na fedha ziingie. Msimu wa buni unafunguka kuanzia Mei au Juni. Kati ya hapo kuna Machi na Aprili, miezi ya masika, ambapo ghala la mzazi ni tupu, akaunti ya shule inakauka, na mwalimu anaambiwa avumilie.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya namna hiyo. Sitaitaja, kwa kuwa jambo ninalotaka kulieleza lingeweza kutokea katika shule nyingi za mkoa huu, na katika zahanati, viwanda vidogo na ofisi ambazo mapato yake hayaji kila mwezi ilhali mishahara inatakiwa kila mwezi. Ninashuhudia jinsi barua ya kurasa mbili ilivyobadilisha namna ninavyoishi na deni, na nitaieleza kwa hesabu zake, maana bila hesabu mtu hataona kilichobadilika.

Oktoba 2023 nilikopa shilingi 2,400,000 kutoka chama chetu cha akiba na mikopo ili kuezeka nyumba. Masharti yalikuwa ya kawaida: miezi 12, riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwa salio linalobaki, na rejesho kabla ya tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Kila mwezi nilitakiwa kurudisha 200,000 za mkopo wenyewe, juu yake riba. Mwezi wa kwanza riba ilikuwa 36,000, wa pili 33,000, ikawa inashuka hivyo kwa 3,000. Rejesho la Novemba, Desemba, Januari na Februari nililipa kwa wakati. Salio likawa 1,600,000, na rejesho la Machi lilikuwa 224,000. Mshahara wangu baada ya makato ni 520,000, kwa hiyo mzigo ulibebeka mradi mshahara uje.

Tarehe 20 Machi 2024 lilibandikwa tangazo katika chumba cha walimu kwamba mishahara ya mwezi huo itachelewa "hadi hali ya makusanyo itakapotengemaa". Hapakuwa na tarehe. Aliyekwisha kufanya kazi kwa mapato ya msimu anajua maana ya tangazo lisilo na tarehe: Machi haitalipwa Machi, na Aprili nayo iko mashakani.

Njia iliyozoeleka pale shuleni ilikuwa moja. Mwalimu anakwenda mjini kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu, anakabidhi kadi yake ya benki na namba ya siri, anapewa fedha siku hiyo hiyo. Riba ni asilimia 30 kwa mwezi. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine ya kutolea fedha, anachukua chake kwanza, na mwenye mshahara anapewa kinachobaki. Nilikuwa na wenzangu ambao kadi zao hawakuwa wamezishika mikononi kwa muda mrefu. Mmoja, mwalimu mzuri kuliko wengi wetu, alikuwa akiomba nauli ya kwenda kuchukua mshahara wake mwenyewe. Na mimi, jioni ya siku ya tangazo, niliamua kwamba Jumamosi ningepanda gari kwenda mjini na kadi yangu.

Jirani yangu ni mzee mkulima wa kahawa, ninamwita Tata kwa heshima yake, na ndiye mmoja wa wadhamini wa mkopo wangu. Nilikwenda kumweleza ili asishtuke akisikia chamani kwamba nimeyumba. Akauliza mkopeshaji anataka nini. Nikamwambia: kadi, na asilimia 30. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, hiyo ni butura. Unauza buni ikiwa bado ua."

Wasomaji walio nje ya Kagera huenda hawaijui butura. Ni mkulima mwenye shida kuuza kahawa ikiwa bado mtini, ikiwa maua au punje mbichi, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Siku ya mavuno mnunuzi anakuja kuchuma shamba zima, na mkulima anasimama pembeni akiangalia jasho lake likipakiwa. Serikali imeipiga marufuku na viongozi wa mkoa wameikemea mara nyingi, lakini haiishi, kwa sababu shida inakuja kabla ya msimu. Tata alikuwa amewahi kuipitia. Alichoniambia baadaye ndicho kilichonigeuza: kwamba walioponea butura katika kijiji chao hawakuwa wale wenye shida ndogo. Walikuwa wale waliomwendea anayewadai mapema, kabla ya siku ya deni, na kumwambia kahawa yao iko kiasi gani mtini na itavunwa lini. Mdai anayejua hilo anaweza kusubiri. Asiyejua atakuja na gunia.

Nikarudi nyumbani nikafanya hesabu ambayo kama mwalimu wa hisabati nilipaswa kuifanya kwa mtu yeyote anayeniuliza. Kama mshahara ungekosekana miezi miwili, ningehitaji 224,000 kwa rejesho la Machi na 221,000 kwa la Aprili. Kwa kausha damu, zile za kwanza zingekaa miezi miwili na kuzaa riba ya 134,400. Za pili zingekaa mwezi mmoja na kuzaa 66,300. Jumla 200,700, na hapo ni kama mshahara ungekuja bila kuchelewa tena.

Upande wa pili wa karatasi nikaandika: itakuwaje chama kikinikubalia nilipe riba peke yake kwa miezi hiyo miwili, na ile 200,000 ya mkopo wenyewe isogezwe mbele? Salio lingebaki 1,600,000, riba ingekuwa 24,000 kila mwezi, na mkopo ungeisha Desemba badala ya Oktoba. Gharama ya ziada ni 48,000. Hakuna msamaha wowote hapo. Chama kinapata riba yake kamili, kinasubiri tu. Nilipoona kwamba ninachokwenda kuomba kina bei yake, na bei hiyo ninaweza kuilipa, woga ulipungua sana. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kuomba muda ni kuomba huruma. Kumbe ni kupeleka mpango mwingine wa malipo na kumwachia mwenye fedha aupime.

Nikaandika barua. Naiweka hapa nikiwa nimeondoa majina na namba, kwa sababu wengi wameniomba waione.

"S.L.P. (…), Muleba. 27 Machi 2024.

Mwenyekiti, Kamati ya Mikopo.

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA MAREJESHO KWA MIEZI MIWILI KUTOKANA NA MWAJIRI KUCHELEWESHA MSHAHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wenu mwenye mkopo wa shilingi 2,400,000 niliopewa Oktoba 2023. Nimelipa marejesho manne bila kuchelewa na salio ni shilingi 1,600,000. Rejesho linalofuata ni shilingi 224,000, linalotakiwa kabla ya tarehe 5 Aprili 2024.

Tarehe 20 Machi mwajiri wangu alitangaza kwamba mshahara wa Machi utachelewa na hakutaja tarehe ya kulipa. Ajira yangu inaendelea na mkataba wangu haujabadilika. Kwa uzoefu wa miaka iliyopita, makusanyo ya ada hupanda wazazi wanapoanza kuuza kahawa, hivyo ninatarajia mishahara kurudi katika hali yake kati ya mwisho wa Mei na Juni.

Ninaomba rejesho la Machi na la Aprili niyalipe kwa riba pekee, shilingi 24,000 kila mwezi, na sehemu ya mkopo isogezwe mbele ili mkopo umalizike Desemba 2024. Nitaanza tena marejesho kamili kwa rejesho la Mei, linalotakiwa kabla ya tarehe 5 Juni. Fedha za riba nitazipata kwa kuuza ndizi za shambani kwangu, na za mwezi wa kwanza ninazileta pamoja na barua hii.

Ikiwa mwajiri atalipa sehemu tu ya malimbikizo katika kipindi hicho, nitaleta robo ya kila kiasi kitakachoingia ndani ya siku tatu za kazi. Ikiwa hadi tarehe 25 Mei mshahara utakuwa haujalipwa kabisa, nitafika mbele ya kamati kabla ya tarehe ya rejesho kueleza hali ilivyo.

Ninaambatanisha nakala ya tangazo la mwajiri, hati za mshahara za Januari na Februari, na taarifa ya akaunti yangu ya benki ya miezi mitatu. Wadhamini wangu wamesoma barua hii na wametia saini chini kuonyesha kwamba wameridhia.

Wako katika ushirika,
(jina, namba ya uanachama, saini)"

Nitasema machache juu ya barua hiyo, hasa yale ambayo kamati iliniuliza.

La kwanza ni tarehe. Niliipeleka siku kadhaa kabla ya rejesho kuiva. Mwanakamati mmoja, mstaafu wa benki, alinieleza baadaye kwamba hilo peke yake lilibadilisha mjadala wao. Ombi linaloletwa kabla ya siku ya malipo linajadiliwa kama mabadiliko ya mkataba ulio hai. Linaloletwa baada ya hapo linajadiliwa kama deni lililochelewa: faini imeshaanza kuhesabika, na siku za ucheleweshaji zimeshaanza kuandikwa. Katika mabenki, mkopo ukifikisha siku 90 bila kulipwa unaingizwa katika mikopo chechefu, na taarifa yake inakwenda kwenye kanzidata ya wakopaji iliyo chini ya Benki Kuu, ambako mkopeshaji mwingine ataiona kesho ukimwendea. Miezi miwili ya mshahara uliokosekana, ukiongeza wiki chache za kukwepana, inakufikisha huko bila wewe kufanya jeuri yoyote.

La pili ni ushahidi, na hapa wafanyakazi wengi tunakwama. Kamati inahitaji kujua mambo mawili tofauti: kwamba mshahara kweli haujalipwa, na kwamba ajira bado ipo. Taarifa ya benki inaonyesha la kwanza, kwa kuwa mshahara wa Januari na Februari unaonekana umeingia na wa Machi haupo. La pili linataka neno la mwajiri. Mimi nilikuwa na tangazo tu, nikalipiga picha na kulichapisha. Nilimwomba mkuu wa shule barua rasmi, akasitasita. Nilimwelewa. Barua ya mwajiri inayosema "hatujamlipa mtumishi huyu mshahara wa Machi" ni kukiri deni kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri alipe ujira siku waliyokubaliana, na kukauka kwa akaunti hakumfutii wajibu huo. Lakini nilimweleza kwamba barua inaombwa kwa ajili ya chama cha mikopo, na kwamba mwalimu ambaye hajafuatwa na wadai anafundisha vizuri zaidi. Mwishowe aliitoa, ya sentensi tatu: kwamba mimi ni mtumishi wake, kwamba mshahara wa Machi haujalipwa, na kwamba anatarajia kulipa kabla ya mwisho wa muhula. Niliipeleka kamati siku iliyofuata. Nakala moja niliihifadhi, na nitaeleza sababu.

La tatu ni wadhamini, na hili sikulijua kabisa kabla ya Tata kusisitiza kwamba lazima atie saini. Chini ya Sheria yetu ya Mikataba, mkopeshaji akikubaliana na mdaiwa kumwongezea muda pasipo mdhamini kuridhia, mdhamini anaweza kuwa ameachwa huru na udhamini wake. Kwa hiyo kamati yoyote inayojua kazi yake haitakupa muda mpaka iwe na saini za wadhamini, vinginevyo itakuwa imepoteza kinga yake kwa kukuhurumia. Mkopaji asiyelijua hilo anaona anazungushwa. Mimi nilikuwa na wadhamini watatu: Tata, mfanyabiashara wa dagaa anayechukua mzigo mwaloni, na mwalimu mwenzangu. Kamati ilimtazama huyu wa tatu kwa wasiwasi, na ilikuwa na haki. Alikuwa anafanya kazi shule ileile na hakuwa amelipwa mshahara uleule. Mshahara ukichelewa, mkopaji na mdhamini wa ofisi moja wanaanguka siku moja. Kama wadhamini wangu wote wangekuwa walimu wenzangu, naamini ombi lingekataliwa, au ningetakiwa kwanza kumtafuta mtu mwenye chanzo kingine cha mapato.

Kuna kifungu kimoja katika barua ambacho kilinichukua muda kukiandika, nacho ni kile cha robo ya malimbikizo. Mshahara uliochelewa mara nyingi hauji mzima. Unakuja nusu, au theluthi, au "kitu kidogo cha sikukuu". Ukiahidi kwamba ukilipwa utalipa, bila kusema ukilipwa kiasi gani, siku nusu itakapoingia utakuwa na mgogoro na mdai wako: yeye atasema umelipwa, wewe utasema bado. Ukiahidi kupeleka chote, utavunja ahadi, kwa sababu kuna dukani na kuna ada ya watoto wako. Robo niliipata kwa kuorodhesha kilichokuwa kinanisubiri: unga, sukari na mafuta niliyokopa dukani, karo ya kidato cha pili ya binti yangu, dawa za mama. Nikaona kwamba katika kila shilingi nne ningeweza kutoa moja bila kukopa mahali pengine.

Kamati ilikaa tarehe 3 Aprili. Iliniita, nikasimama, nikaulizwa maswali. Mwenyekiti alitaka kujua kwa nini nisitumie akiba yangu iliyopo chamani kulipa marejesho hayo mawili. Nikamkumbusha kwamba akiba ile ndiyo dhamana ya mkopo na kanuni zetu haziruhusu iguswe wakati deni lipo. Nafikiri alikuwa anapima kama nimezisoma kanuni. Mwingine akauliza kama ninadaiwa kwingine. Nikataja deni la dukani na kiasi chake. Jibu la maandishi lilikuja siku hiyo: wamekubali riba pekee kwa miezi miwili, wamekataa kupunguza riba (sikuwa nimeomba), na wamenitaka nisaini nyongeza ya mkataba yenye ratiba mpya, pamoja na wadhamini wote. Tulisaini kesho yake, ikiwa imebaki siku moja rejesho liive.

Sasa niseme yaliyotokea, maana mpango wa karatasini ni kitu kimoja. Machi haikulipwa. Aprili haikulipwa. Ndizi ziliuzika, ingawa kwa bei ya masika ambayo haimfurahishi mtu, na riba ya miezi yote miwili ilifika kwa wakati. Mwishoni mwa Mei shule ililipa nusu ya mshahara wa Machi, yaani 260,000, na siku chache baadaye mshahara kamili wa Mei. Uongozi uliamua kwamba mwezi unaokwenda ulipwe kwanza na malimbikizo yafuate taratibu. Nilipeleka robo ya ile nusu, 65,000, siku ya pili baada ya kuingia. Mhasibu wa chama aliiingiza moja kwa moja kwenye salio, likashuka hadi 1,535,000, na riba ya mwezi uliofuata ikawa 23,025. Si fedha nyingi zilizookolewa. Lakini kwa kamati ilikuwa alama kwamba kifungu kile hakikuandikwa kupamba barua. Rejesho kamili la Mei lilifika kabla ya tarehe 5 Juni, na mkopo ulimalizika Desemba kama ratiba ilivyosema.

Nusu ya pili ya Machi na mshahara wote wa Aprili ilibaki kwa mwajiri, na hapa ndipo nakala ya ile barua yake ilipofanya kazi. Kupewa muda na mkopeshaji hakusimamishi saa ya madai yako kwa mwajiri. Mfanyakazi anayetaka kupeleka mgogoro wa mshahara Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na akichelewa inambidi kwanza aombe na kueleza sababu za kuchelewa kabla hata ya kusikilizwa. Nimeona watu wakishughulika na wadai wao miezi mitatu, minne, wakija kukumbuka mwajiri wanaambiwa muda umepita. Sisi walimu, kwa pamoja, tulimwandikia mwajiri mapema Mei tukitaja malimbikizo ya kila mmoja na kuomba ratiba ya malipo, tukasema wazi kwamba tunazihesabu siku 60. Tulikuwa tayari kwenda ofisi ya Tume iliyoko Bukoba kujaza fomu ya kwanza. Haikufika huko. Alisaini ratiba, na malimbikizo yakaisha kulipwa Agosti, kahawa ikiwa inaendelea kupimwa.

Nieleze pia hali moja inayofanana na yangu lakini inayohitaji barua nyingine, kwa sababu mwenzangu mmoja aliiga ya kwangu na haikumfaa. Yeye rejesho lake linakatwa na mwajiri kwenye mshahara na kupelekwa chamani. Hati yake ya mshahara wa Februari ilionyesha makato yamefanyika, lakini chamani hapakuwa na fedha. Mtu wa namna hii hatakiwi kuomba muda kana kwamba ndiye aliyekosa. Yeye amekwisha kulipa. Fedha zimekwama mikononi mwa mwajiri. Barua yake inapaswa kuambatanisha hati ya mshahara yenye makato hayo, kuomba akaunti yake isitozwe faini kwa mwezi huo, na kuomba chama chenyewe kimwandikie mwajiri kudai fedha zilizokatwa. Aliandika upya, faini ikaondolewa. Kwa miezi ambayo mshahara haukulipwa kabisa, na hivyo hakuna kilichokatwa, ndipo barua kama yangu inapoingia.

Na kuna pahali ambapo barua haisaidii. Nimeshamwambia ukweli huo dada mmoja wa mapokezi katika zahanati ambayo ilikuwa haijalipa watumishi nusu mwaka. Kuongezewa muda kunafaa pale ambapo fedha zitakuja na unaweza kuonyesha zitatoka wapi. Shule yangu ilikuwa na wazazi wenye kahawa mtini. Zahanati yake haikuwa na kitu cha kuonyesha, na mwajiri alikuwa ameacha hata kubandika matangazo. Kwa hali kama ile, kusogeza marejesho miezi miwili ni kurundika riba juu ya mshahara usiokuwepo. Nilimshauri aende kwa mkopeshaji wake kuomba mkopo upangwe upya wote kwa rejesho dogo analoweza kulitoa kwa biashara yake ya vitumbua, na wiki ileile aende Bukoba kwenye Tume. Alifanya yote mawili.

Kadi yangu ya benki ninayo. Kilichobadilika kwangu ni mahali ninapoanzia: Februari ikikaribia kwisha, namuuliza mhasibu wa shule ada iliyokusanywa imefika wapi. Akisita kujibu, ninafungua daftari la mkopo, ninaangalia salio, ninapiga hesabu ya riba ya miezi miwili, na ninamwendea Tata na wadhamini wengine kabla ya tangazo kubandikwa. Kamati ya mikopo nayo, baada ya kupokea barua za walimu kadhaa mwaka ule, iliandaa fomu ya ukurasa mmoja kwa ajili ya mwanachama ambaye mwajiri wake amechelewesha mshahara. Ina nafasi ya salio, tarehe ya rejesho linalofuata, kiasi atakachoendelea kulipa, tarehe ya kurudi katika marejesho kamili, sehemu ya malimbikizo atakayoleta, na saini za wadhamini, ambao angalau mmoja wao sharti awe hafanyi kazi kwa mwajiri yuleyule. Walimu wawili wa shule yetu waliokuwa wamekabidhi kadi zao mjini wamemaliza kulipa na kurudishiwa, mmoja akaenda moja kwa moja benki kubadilisha namba ya siri.